TAHADHARI: Ramani za mikoko zenye "usahihi wa 98%" zinazouzwa hapa Mombasa

Assalaam alaykum jamaa zangu, na hasa nyinyi wa vikundi vya mikoko kuanzia Mikindani na Jomvu mpaka Tudor na Mtwapa. Kuna kijana anazunguka kwenye magrupu ya wasap akiuza ramani za ufuniko wa ardhi zilizotengenezwa kwa picha za setilaiti. Jina simtaji, maana hata hilo analotumia sidhani kama ni lake. Ila mtindo wake nataka muujue.

Aliyeumwa ni shangazi yangu. Yeye ni mweka hazina wa kikundi cha kina mama wanaopanda mikoko huko Mikindani. Walitakiwa waambatanishe ramani kwenye ombi la ufadhili, kijana akawafanyia kwa shilingi 28,000, zote kwa M-Pesa kabla hajagusa kitu. Siku tatu baadaye wakapata ripoti yenye rangi za kupendeza, na ukurasa wa kwanza kwa herufi kubwa: usahihi wa jumla 98.6%, na kappa, kipimo kingine cha usahihi, 0.98.

Shangazi alinijia jioni na simu mkononi, ameikuza ramani mpaka paa la nyumba yake likaonekana. Akaniuliza, "Mwanangu, wewe si ndiye mtu wa ramani? Hebu nambie, huu mwembe wangu umekuwa mkoko tangu lini?"

Nikatazama. Ua wake uko juu kule mlimani, maji ya chumvi hayajapata kufika, na pale penye mwembe pana doa la kijani la mikoko. Kwa jirani pia, na nyuma ya msikiti. Kila penye mwembe mkubwa ramani imepanda mkoko.

Nilimwandikia kijana nikaomba skripti na sampuli za mafunzo. Alizungusha siku nne, akisema ni siri ya kazi. Shangazi alipomtajia polisi, akatuma. Na hapo ndipo ile 98.6% ilipojulikana ilikotoka:

```
var m = classifier.confusionMatrix();
print(m.accuracy());
```

Kwa asiyejua: kazi hii hufanywa kwa kumwonyesha mifano kiainishi, yaani programu inayogawa picha kwa makundi. Unachora poligoni juu ya picha, unasema hapa ni maji, hapa ni mikoko, hapa ni nyumba, naye anajifunza rangi za kila kundi, halafu anagawa picha nzima. Kisha lazima umpime kwa mahali ambapo hakufundishwa, na matokeo unayapanga kwenye jedwali la mkanganyiko: upande mmoja kilichopo kweli, upande mwingine ramani inachosema. Sasa mistari ile miwili hapo juu, kwenye Earth Engine, jukwaa la Google la kuchakata picha za setilaiti, inampima kiainishi kwa sampuli zilezile alizofundishwa. Ni mtihani wa maswali yaleyale uliyomfanyia ubaoni jana. Na `smileRandomForest`, aina ya kiainishi aliyotumia, inakariri vizuri sana, kwa hiyo karibu kila mara itakupa namba za juu hapo, hata kama ukiitoa nje haijui kitu. Kappa nayo imetokana na jedwali hilohilo, haiongezi ushahidi wowote.

Nilipomwambia, hakubishana. Akasema "sawa bro, nitarekebisha," na baada ya saa moja akatuma ripoti mpya: sasa amegawa sampuli 70 kwa 30, amefundisha kwa zile 70 na kupima kwa zile 30, na usahihi ni 97%. Hapa ndipo wengi watanaswa, kwa sababu kwa maneno inasikika kama kazi halali.

Kosa lilikuwa ni kitu alichokigawa. Mikoko aliichorea poligoni sita, kila moja kama hekta nne, zote katikati ya msitu mnene upande mmoja wa hori. Picha za setilaiti ya Sentinel-2 zina pikseli, yaani vijiraba vya picha, za mita 10 kwa 10, hekta moja ni pikseli 100, basi poligoni sita zikampa sampuli kama 2,400. Namba nzito hiyo, inavutia kwenye ripoti. Lakini ni mahali sita tu. Akazichanganya zile pikseli kama karata na kuzigawa kwa bahati nasibu, kwa hiyo kila pikseli ya mtihani imekaa ubavuni mwa ya mafunzo, mti mmoja, tope moja, mwanga mmoja. Zinafanana kama pacha. Kinachotakiwa ni kugawa poligoni zenyewe kabla hujachukua pikseli ndani yake:

```
var p = poligoni.randomColumn('bahati', 7);
var mafunzo = p.filter(ee.Filter.lt('bahati', 0.7));
var majaribio = p.filter(ee.Filter.gte('bahati', 0.7));
```

Na poligoni sita hazitoshi kwa hilo, hata ukizigawa hivyo unabaki na moja au mbili za kupimia. Dawa yake ni kutoka nje.

Tukatoka. Niliiachia kompyuta ichague nukta 50 kwa bahati ndani ya kila kundi la ramani yake, jumla 200. Sikuchagua kwa macho, maana macho hupenda mahali rahisi. Za majengo na maji nyingi nilizikagua kwenye picha za karibu za Google Earth. Za mikoko na miti tulizifuata kwa miguu wakati wa maji kupwa, mimi na kina mama wanne, na ilituchukua asubuhi tatu na ndara moja iliyobaki kwenye tope mpaka leo. Matokeo ni haya:

```
                 RAMANI INASEMA
KWELI NI        maji  mikoko  miti  majengo
maji             47      0      0      2
mikoko            3     29      5      0
miti mingine      0     19     41      2
majengo/wazi      0      2      4     46
```

Soma safu ya mikoko kutoka juu kwenda chini. Nukta 50 ambazo ramani inaziita mikoko, 29 tu ndizo mikoko. Hiyo ni 58%, na ndiyo inayoitwa usahihi wa mtumiaji, yaani ukiishika ramani ukaenda mahali inapokwambia pana mkoko, uwezekano wa kuukuta. Nukta 19 zilikuwa miti ya nchi kavu, karibu zote miembe.

Sasa jumlisha ulalo: 47, 29, 41 na 46 ni 163 kati ya 200, yaani 81.5%. Lakini nukta nilizigawa sawa kwa kila kundi, na makundi hayana ukubwa sawa. Katika eneo lao la hekta 1,600, ramani ina maji hekta 480, mikoko 240, miti 400, majengo na ardhi wazi 480. Ukipima kila kundi kwa ukubwa wake, usahihi wa jumla unapanda hadi 85%. Umepanda kwa sababu maji na mabati ni rahisi, hata mtoto atayapata. Mikoko, ambayo ndiyo iliyolipiwa, imejificha nyuma ya bahari.

Kijana alipoona jedwali akashika hoja moja, na nikiri ilinifanya nikae chini kupiga hesabu. Akasema hekta za mikoko hazikukosewa sana. Kweli: 58% ya hekta 240 ni kama 139. Ongeza mikoko aliyoipoteza, 6% ya maji yake ni hekta 29, na 10% ya miti yake ni hekta 40. Inakuja 208. Si mbali sana na 240, ila kwa nukta chache hivi hiyo ni makadirio tu. Lakini imekaribia kwa sababu makosa mawili yamefutana: amepanda mikoko uani kwa watu, na amefuta mingine ambayo ipo. Kati ya hizo hekta 208, ramani yake imeipata kama theluthi mbili tu. Kina mama hawakuomba jumla. Waliomba kujua wapi pana mikoko na wapi pamebaki wazi pa kupanda.

Chanzo chake nacho kilionekana tulipofungua sampuli. Kundi lake la "miti mingine" lote alilichora kwenye minazi. Mnazi una kichwa chepesi, chini unaona mchanga na nyasi. Kiainishi hakuwahi kuonyeshwa mwembe, mti wa kijani kizito uliofunga, na kwa alivyofundishwa kila kijani kizito ni mkoko. Isitoshe alitumia bendi nne tu, yaani aina nne za mwanga ambao setilaiti hupima, B2, B3, B4 na B8, ambazo kwa majani mabichi hazitofautishi sana. Angeongeza B11, ambayo huhisi unyevu na ingesaidia kuonyesha tope chini ya mikoko, na ramani ya mwinuko, mwembe wa shangazi usingepita, kwa sababu mkoko hauoti mlimani. Na zile nukta tatu zilizomezwa na maji? Mililana, mikoko ya ukingoni. Alitumia picha moja tu, iliyopigwa maji yamejaa, akaona bahari.

Kwa hiyo ukiletewa ramani ya namna hii, kabla hujatuma hata shilingi ya kwanza mwambie akupe jedwali lote, si namba moja. Muulize nukta za kupimia zilitoka wapi na nani alizichagua. Akisema "nimegawa 70 kwa 30," muulize alichogawa ni pikseli au poligoni, halafu umtazame uso. Na mjue pia kwamba ramani ya dunia nzima ya WorldCover, ya shirika la anga la Ulaya, ambayo ina kundi la mikoko na inapatikana bure, toleo lake la 2021 linatangaza usahihi wa jumla wa 76.7%. Wale wana wataalamu na kompyuta za kila aina. Kijana mwenye laptop moja na siku tatu akikwambia 98.6, uliza maswali.

Kina mama wamerudishiwa shilingi 10,000, baada ya wiki mbili za kupigiana simu. Zilizobaki amesema atatuma mwisho wa mwezi, na tangu hapo simu imezimwa. Jana usiku binamu yangu wa Kisauni amenitumia tangazo lake jipya, jina jingine, namba nyingine, ramani ileile ya Mikindani imewekwa kama mfano wa kazi. Doa la kijani bado liko juu ya ua wa shangazi. Usahihi sasa ameandika 99.2%.