Farasi wawili, au farasi na ngome?

Ukitaka mtoto ajue mbinu za chesi haraka, punguza kete, lakini chagua kwa makini zinazobaki. Chaguo la kwanza: mfalme, farasi wawili na askari wanane kila upande. Sheria ni chache, lakini lina dosari: farasi akimshambulia farasi mwenzake, naye yumo hatarini kuliwa. Shambulio la mara mbili, silaha kuu ya farasi, hupoteza makali. Wanaobaki kutisha farasi wawili kwa mpigo bila hofu ya kuliwa nao ni askari na mfalme.

Chaguo la pili liongezee ngome mbili kila upande, pembeni kama kawaida. Sasa Nyeupe hupeleka farasi wake kutoka b1 hadi c3, kisha b5. Mtoto akisogeza askari a6 kumfukuza, farasi hula c7: mfalme wa e8 yuko kwenye shaha na ngome ya a8 imeshikwa. Mfalme akikimbia, ngome inaliwa. Kinga ni farasi wa b8 kwenda a6, akiilinda c7.

Mimi nafundisha la pili, ingawa mchezo huchukua muda zaidi.