Faiba ya dukani kwangu Ngamiani: nyota tatu, na sababu zake

Nina steshenari ndogo hapa Ngamiani, Tanga, na kwa miezi minane sasa natumia faiba ya shilingi 60,000 kwa mwezi. Kasi sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni huduma kwa wateja, ingawa nikisema kweli, siku ya kwanza nami nilichangia.

Ilikuwa Jumamosi asubuhi, foleni ya wanafunzi wenye fomu za kuprinti imefika barazani, mtandao kimya. Kijana wa chipsi wa jirani akanituliza: "Mtandao umekata mji mzima, hata mimi sina." Nikaamini. Nikapiga simu: "Dada, samahani, intaneti haipo tangu asubuhi." Akaniambia nizime ruta na kuiwasha, nikafanya, wapi. Akanifungulia tiketi: fundi atanipigia ndani ya saa 48. Kumbe kijana wa chipsi hata hatumii kampuni yangu. Bando lake la simu lilikuwa limeisha.

Aliyeniokoa ni mpwa wangu, anavuta nyaya za faiba. Swali lake la kwanza kwenye simu: "Mjomba, taa ya LOS ikoje?" Nikasogeza rimu za karatasi, nikafuta vumbi. POWER kijani, PON kijani iliyotulia, LOS imezimika kabisa.

Akanieleza. LOS ikiwaka au kumetameta nyekundu, mwanga haufiki kwenye ruta: waya umekatika, umekunjwa sana, au kichwa chake kimelegea. PON ikitulia kijani, ruta yako na mtambo wa kampuni vinaonana vizuri. Kwa hiyo fundi niliyekuwa namsubiri angekuja kukagua waya mzima usio na kasoro.

Ila PON ya kijani pekee haitoshi kusema kampuni imekufungia kwa sababu ya malipo, maana tatizo linaweza kuwa ndani zaidi, kwenye mitambo yao, na taa zikabaki vilevile. Akaniambia nizime data ya simu kwanza (usipoizima, simu itapita kwenye bando lako na kukudanganya), nibaki kwenye waifai ya duka, kisha nifungue anwani hii:

```
http://neverssl.com
```

Anwani hiyo haina ile s ya https, kwa hiyo kampuni inaweza kukuelekeza kwenye ukurasa wake. Kurasa za https hukataa kugeuzwa njiani, ndiyo maana kwenye tovuti za kawaida nilikuwa naona makosa tu. Ukafunguka ukurasa wa kampuni: lipia kifurushi. Kampuni nyingine hazionyeshi ukurasa wowote, laini inakuwa kimya tu. Hapo jirani wa mtaa huohuo, mwenye kampuni hiyohiyo, ndiye kipimo chako. Yake ikiwa hewani na taa zako ni nzima, kagua malipo.

Mimi nililipa Alhamisi! Nikafungua ujumbe wa muamala, nikaulinganisha na mkataba. Kwenye namba ya kumbukumbu nilikuwa nimegeuza tarakimu mbili, 47 nikaandika 74. Hela ilikwenda kwa mteja mwingine.

Simu ya pili nilisema hivi: "Kaka, PON ni kijani, LOS imezimika, na nikifungua ukurasa naletewa wa malipo. Nililipa Alhamisi saa moja usiku, namba ya kumbukumbu nilikosea. Naomba uangalie kama akaunti yangu imesitishwa, na tiketi ya fundi uifunge." Nikampa namba ya mkataba, namba ya muamala, kiasi, na namba ya simu niliyolipia. Basi, si zaidi ya hapo. Namba ya siri haihusiki. Hakuniambia tena nizime na kuwasha. Akanipeleka kwa watu wa malipo, na baada ya dakika 40 wakasema imefunguliwa. Bado haikushika mpaka nilipozima ruta dakika mbili ikaomba muunganisho upya, jambo ambalo hawakunitajia.

Mwezi wa masika mambo yakawa kinyume. LOS nyekundu inametameta, na mbele ya duka wachimba mtaro wa maji wameacha waya mweusi unaning'inia. Safari hii sikugusa habari ya malipo. Nilitaja taa, saa iliyoanza, na kwamba jirani wa waya uleule naye amekatika, ili wasije na vifaa vya nyumba moja. Fundi alifika kesho yake saa nne, akaunga. Siku mbili nilizokosa hawakunirudishia mpaka nilipodai kwa namba ya tiketi. Hapo ndipo walipopoteza nyota mbili.

Sasa nimebandika namba ya mkataba na S/N ya ruta ukutani, juu ya mashine ya kopi. Kijana wa chipsi bado hunipigia kelele kila mtandao ukisuasua. Namwuliza kwanza salio.