Barua pepe ya ofisi ilifutwa, duka langu likabaki ndani

Nina duka la mafuta ya alizeti hapa Majengo, Dodoma. Hesabu zote, pamoja na madeni ya wateja wa Kongwa na Bahi, naziweka kwenye programu ya ankara niliyoifungua kwa kitufe cha “Endelea na Google” nikitumia barua pepe ya kazini. Mkataba wangu ulipoisha, ofisi ikaifuta barua pepe ile.

Siku niliyotaka kuingia kwenye kompyuta ya dukani, Google ikakataa. Nikaomba kubadili nenosiri, lakini kiungo kilitumwa kwenye anwani ileile iliyofutwa. Hapo nikafanya kosa lililonigharimu: nikabonyeza tena kitufe kile kwa Gmail yangu binafsi. Ikafunguka, ikaniuliza jina la biashara, na wateja wakawa 0. Ukiona hivyo, ujue hujarudi kwako, umefungua akaunti mpya.

Kilichoniokoa ni simu. Programu ilikuwa bado wazi humo, kwa sababu ukishaingia mara moja inakupa kibali chake yenyewe, haimuulizi Google kila ukifungua. Sikuthubutu kubonyeza “Toka”. Nilianza kwa kupakua orodha ya wateja na madeni, kisha nikaenda kwenye mipangilio kubadili barua pepe. Jibu: “Barua pepe hii tayari inatumika.” Ilikuwa imeshikwa na ile akaunti tupu! Nikaingia humo, nikaifuta, nikajaribu tena. Safari hii ikataka nithibitishe kwa kuingia upya na Google ya zamani. Nikakwama.

Nikampigia kaka wa tehama wa ofisi ya zamani. Akanieleza kwamba msimamizi wa Google Workspace anaweza kumrejesha mtumiaji aliyefutwa ndani ya siku 20; yangu ilikuwa ya 31. Nikamwomba basi aniundie anwani ileile upya. Akasema, “Dada, jina litafanana, lakini namba ya ndani itakuwa nyingine.” Namba hiyo huitwa `sub`, na programu nyingi humtambua mtu kwa hiyo, si kwa anwani. Isitoshe, sanduku ni mali ya ofisi.

Ikabaki huduma kwa wateja. Sikuwaandikia “nimesahau nenosiri”, maana sikuwahi kuwa nalo. Niliwaeleza kwamba akaunti ya Google imefutwa na mwajiri, nikaambatanisha risiti ya malipo ya mwisho, namba za ankara mbili za karibuni na mwezi niliojiunga. Siku ya nne wakahamishia akaunti kwenye Gmail yangu na kunitumia kiungo cha kuweka nenosiri.

Watu wao wanasikiliza, nawapa nyota nne. Ya tano nimeizuia kwa sababu programu haikuwahi kunidokeza niweke nenosiri wala barua pepe ya pili, na sehemu ya kuviweka ipo kwenye mipangilio tangu mwanzo. Sasa nimeweka vyote viwili, na kompyuta ya dukani imefunguka na wateja wangu wote.