Fomu ya bure inayojifunga nafasi zikijaa: ninayoichagua na ninazoziacha

Malalamiko ninayoletewa yanafanana. Nafasi zilikuwa 30, fomu ikapokea watu 33, na wale watatu wa ziada wote wameshasomewa na fomu yenyewe kwamba majibu yao yamepokelewa. Nani sasa awaambie hawana kiti? Ndiyo maana hapa sizungumzii rangi wala urembo wa fomu. Napima jambo moja tu: nafasi ya mwisho inapogombewa, fomu inafanya nini, na aliyechelewa anaambiwa nini.

Ya kwanza kwangu ni Google Forms pamoja na skripti fupi, na sifichi kwamba naipendelea. Haikuhesabii majibu kwa mwezi, na utaratibu wa kufunga unauona kwa macho yako. Kama kwenye mipangilio yako hakuna sehemu ya kufunga kwa idadi, fungua fomu ukiwa mhariri, bonyeza vidoti vitatu vya juu, chagua Apps Script, futa kilichomo, kisha bandika hii:

```
function funga() {
  const fomu = FormApp.getActiveForm();
  if (fomu.getResponses().length >= 30) {
    fomu.setCustomClosedFormMessage('Nafasi zimejaa.');
    fomu.setAcceptingResponses(false);
  }
}
```

Ukishahifadhi, kazi haijaisha, na hapa ndipo wengi wanapokwama. Skripti haijiamshi yenyewe. Nenda kwenye alama ya saa iliyoandikwa Triggers, ongeza mpya, chagua `funga`, chanzo kiwe From form na tukio liwe On form submit, kisha ikubalie ruhusa inazoomba. Ukiruka hatua hii, fomu itapokea watu mpaka uifunge kwa mkono, na hakuna onyo litakalotokea.

Sasa ile kasoro ninayoishikia bango. Skripti inaanza kuhesabu baada ya jibu kuingia, na inachukua muda kidogo kumaliza. Tuseme wameshaingia 29, na umetuma kiungo kwenye kundi lenye watu wengi. Wanne wanabonyeza Submit karibu kwa pamoja. Jibu la 30 linaiamsha skripti, lakini kabla haijafunga mlango, la 31, la 32 na la 33 yameshapita. Aliyekuwa bado anajaza majina atakutana na ujumbe wa kufungwa, na huyo hana neno. Tatizo ni wale watatu waliopita wakaaminishwa kwamba wamepata.

Dawa yake haimo kwenye msimbo. Ingia Settings, tafuta Confirmation message, andika: "Tumepokea jina lako. Nafasi yako itathibitishwa kwa ujumbe." Kisha fungua majibu kwenye Google Sheets, yapange kwa safu ya Timestamp, wathibitishie 30 wa mwanzo, na waliobaki waweke kwenye orodha ya akiba kwa mpangilio uleule. Wakati unapanga, angalia pia waliojiandikisha mara mbili, kwa sababu skripti inahesabu majibu, haihesabu vichwa.

Majibu yako ya majaribio nayo yanahesabiwa. Ukijijaribia mara nne ukayasahau, fomu itafungwa ikiwa na watu halisi 26. Na uyafutie ndani ya fomu yenyewe, kwenye Responses. Kufuta mstari kwenye Google Sheets hakupunguzi hesabu ya fomu hata kidogo. Vivyo hivyo mtu akijitoa: futa jibu lake ndani ya fomu, washa tena upokeaji, na skripti itafunga jibu lingine likiingia.

Ya pili ni Tally. Kikomo cha idadi kimo kwenye mipangilio, bila malipo na bila skripti, na ujumbe wa kufungwa unauandika mwenyewe. Kama msimbo unakutia kichefuchefu, chukua hii. Jaribu kwanza: weka kikomo 2, fungua fomu kwenye simu tatu, na zote zitume kwa pamoja. Ikipita ya tatu, tumia ile dawa ya juu.

Jotform ni ya tatu. Kufunga kwa idadi inako, ila mpango wa bure unakupa majibu 100 kwa mwezi kwa akaunti nzima. Ukiwa na fomu mbili za watu 60, mgao wa akaunti unaweza kuisha kabla ya nafasi zako.

Na hapo ndipo hasira yangu ilipo. Wauzaji wa fomu wanaandika "bure" kwa herufi kubwa, halafu wanakuacha uunde maswali yote, uchague picha, uandike maelezo, na siku unayotaka kuweka kikomo ndipo kufuli ndogo inatokea pembeni ya kitufe ikikutaka ulipe kwa mwezi. Kwa shughuli ya siku moja! Kitu kinachozuia majibu yasiongezeke hakiwagharimu chochote. Tena kinawapunguzia kazi. Basi fungua mipangilio ya kikomo kabla hujaandika hata swali moja, na ukiona kufuli, ondoka.