Nililipia nyota za biashara, nikaletewa za mapenzi

Naandika hasira ikiwa bado haijaisha, mnisamehe mapema. Nililipa elfu thelathini kwa mtaalamu mmoja wa nyota hapa Kigoma, pande za Mwanga, jina lake nalihifadhi, anilinganishie ramani yangu ya kuzaliwa na ya mshirika wangu wa biashara. Mshirika ni mama mmoja wa Tabora, tumwite Mama Rehema. Mimi nakusanya dagaa mwaloni Kibirizi, msimu wa mawese nachukua na mawese, napakia kwenye treni, yeye anapokea kule na kuuza. Ananiita kaka, namwita dada. Miaka kadhaa sasa. Lakini kila baada ya miezi michache lazima tukorofishane juu ya hesabu, na hakuna mwizi kati yetu. Hilo tu ndilo nililotaka kulijua. Nikamwandikia wazi kabisa: niangalizie sayari za biashara, Utaridi na Mshtarii, mambo ya mapenzi yaache.

Akanitumia sauti ya dakika nane Wasapu. Ilikuwa jioni, nakula ugali na mgebuka uani, mkono umejaa mchuzi, simu nimeiweka spika juu ya ndoo. Mama watoto anapepeta mchele pembeni. Dakika ya kwanza salamu na majigambo. Ya pili ikaja hii: "Bosi, huyu mwanamke Zuhura yake imekalia Mirihi yako. Hapo kuna moto. Mnajizuia tu."

Ungo ukasimama. Mama watoto akaja, akaizima simu kwa kidole kimoja, akarudi kupepeta. Hakusema neno. Waliooa wanajua kwamba kelele ingekuwa nafuu.

Kesho yake nikamfuata. Hata kuinuka kitini hakuinuka. Nikamwambia mimi niliomba biashara. Akacheka, akamgeukia mteja aliyekuwa amekaa pale: "Kila mwanaume anayekuja hapa na tarehe ya mwanamke huwa ni biashara." Mteja naye akacheka. Halafu akadai Utaridi na Mshtarii havisomeki bila saa ya kuzaliwa, na kwa kuwa Mama Rehema hajui saa yake, niongeze elfu kumi aitafute kwa kuhesabu herufi za jina lake na la mama yake. Nikatoka bila kuaga.

Hiyo ya saa ndiyo iliyoniuma kuliko kicheko, maana nilikuja kujua si kweli. Kuna mzee wangu mmoja Ujiji, mwalimu mstaafu, mtu wa falaki tangu ujana wake. Nikampelekea tarehe zetu mbili. Akaniambia saa ya kuzaliwa ni lazima ukitaka nyota inayochomoza, kwa sababu hiyo hubadilika kila baada ya saa mbili hivi, na mwezi nao hutembea kama nyuzi 13 kwa siku. Lakini Utaridi hata ikikimbia sana haizidi sana nyuzi mbili kwa siku, na Mshtarii haifikishi hata robo ya nyuzi. Asiye na saa mwekee saa sita mchana. Kosa la Utaridi litakuwa nyuzi moja na kidogo, mbele au nyuma. Na kule kuhesabu herufi ni elimu nyingine kabisa, kunakupa nyota ya jina, hakukupi saa uliyozaliwa.

Kuhusu ule "moto" naye akatikisa kichwa. Ukihesabu pembe zote tano kubwa zinazopimwa kati ya sayari na sayari, na ukaruhusu nyuzi nane huku na huku, Zuhura na Mirihi za watu wawili wowote zitagusana upande mmoja au mwingine kwa zaidi ya nusu ya watu wote duniani. Mimi na fundi wangu wa viatu tungetoka na moto huohuo. Anayetafuta mapenzi hayakosi.

Basi akanisomea tulichoulizia. Mshtarii yangu, mimi wa 1989, iko nyuzi 11 za Mapacha. Utaridi ya Mama Rehema iko nyuzi 9 za Mashuke. Kati yake ni nyuzi 88, yaani pungufu ya mbili tu kufika 90, pembe ya kona ya nyumba. Hata saa yake ikitusogeza nyuzi moja, kona inabaki kona. Hakujali Mshtarii za watu wawili kuwa nyota moja, maana Mshtarii hukaa kila nyota karibu mwaka mzima, kwa hiyo wengi wa darasa letu la msingi wanayo hiyohiyo. Kinachosema kitu ni Utaridi ya mmoja kugusana na Mshtarii ya mwingine. Zikiwa nyuzi 120, wazo la mmoja hukuzwa na imani ya mwenzake. Zikiwa 90, mwenye Mshtarii anaahidi kwa kukuza, mwenye Utaridi anahesabu kilichosemwa neno kwa neno, na wote wawili wanadhani wanaongea jambo moja.

Nilinyamaza, kwa sababu hiyo ndiyo simu yetu ya kila wiki. Kuna safari ziwa lilipokuwa limefunguliwa tena, baada ya uvuvi kufungwa ile miezi mitatu ya 2024, nikamwambia kwa furaha, "Dada, jiandae, magunia kama arobaini yanakuja." Mimi nilimaanisha mengi. Yeye akaandika 40, akapokea malipo ya awali ya wateja wa 40. Mbalamwezi ikaingia, wavuvi wa taa wakapumzika, nikapata 31. Alipopiga simu hakunitukana, alinisomea tu: tarehe, maneno yangu, idadi. Nikaona ananidhalilisha. Yeye akaona nimemwongopea. Wiki mbili hatukuongea.

Mzee akaongeza kitu ambacho sikukitarajia. Mapacha ni nyumba ya Utaridi, Mashuke pia. Kwa hiyo Mshtarii yangu ni mgeni, imepanga kwenye nyumba ambayo mwenyewe ni Utaridi, na Utaridi ya Mama Rehema iko kwake, ina nguvu. Maana yake kwa watu wa biashara: idadi itoke mdomoni mwake, si kwangu. Mimi nitafute mali na wateja, yeye ndiye ataje namba, tena baada ya magunia kupimwa. Alinionya pia kwamba Utaridi yangu na Mshtarii yake hazigusani kabisa, kwa hiyo nisitegemee yeye anipe moyo nikiwa na wazo jipya. Hiyo nayo kweli. Mpango wangu wa asali aliuzika kwa sentensi moja.

Nilikuwa nimeshaandika kwamba yule wa Mwanga ni bure kabisa, msiende. Kabla ya kutuma nikaona niisikilize ile sauti hadi mwisho, safari hii kwa spika za masikioni. Moto, moto, moto hadi dakika ya sita. Halafu dakika ya saba, haraka haraka kama mtu anayefunga duka: "Ila daftari ashike huyu mama, bosi. Wewe usitaje idadi."

Sasa sijui niseme nini. Alikuwa anajua! Na alikuwa anajua bila hiyo saa ya elfu kumi. Mkienda kwake, nendeni, ila msiweke spika. Tangu mwezi uliopita Mama Rehema ndiye anayetaja namba na hatujagombana, ingawa ni safari mbili tu. Mama watoto mpaka leo akisikia treni inapiga honi ananiuliza, dada yako hajambo?