Uzoefu wangu na seti ya kutengenezea mishumaa: nta tatu, tambi tatu na joto la kumimina

Kwa miezi kadhaa sasa nimekuwa nikitumia seti ya kutengenezea mishumaa nyumbani niliyoinunua katika duka moja hapa Arusha mjini. Ndani yake kuna nta ya soya, nta ya parafini, kipimajoto, vibati vya kushikia utambi, na tambi za pamba zilizosukwa za unene wa aina tatu. Nta ya nyuki niliinunua pembeni, kwa muuzaji wa asali. Karatasi ya maelezo inasisitiza sana joto la kumimina, lakini kuhusu utambi inasema tu kwamba uwe katikati ya chombo. Kwa niliyoyaona, mkazo huo umewekwa mahali pasipostahili, kwa sababu utambi ndio unaoamua kama mshumaa utawaka mpaka chini au utajizimia huku nta nyingi ikiwa bado imeganda kwenye kuta za glasi.

Kinachowaka katika mshumaa hasa ni nta, si uzi. Mwali huyeyusha nta iliyo karibu, utambi huifyonza na kuipandisha, nayo hugeuka mvuke na kuungua. Utambi mwembamba hupandisha nta kidogo na mwali wake huwa mdogo. Utambi mnene hupandisha nta nyingi kuliko mwali unavyoweza kuiunguza yote, na ile isiyoungua vizuri hutoka kama masizi. Kwa hiyo hakuna utambi mzuri kwa ujumla wake. Kuna utambi unaolingana na nta fulani ndani ya chombo cha upana fulani.

Nilitumia glasi zinazofanana, zenye upana wa sentimita 7 kwa ndani, nikaanza na soya kwa tambi zote tatu. Kipimo kinachofuatwa na watengenezaji wengi ni kwamba nta iyeyuke kwa kasi ya takriban saa 1 kwa kila sentimita 2.5 za upana wa chombo, hivyo kwa glasi zangu dimbwi la nta lilipaswa kufika ukingoni baada ya karibu saa 3, likiwa na kina cha kama sentimita 1. Utambi mwembamba haukukaribia hapo: ulichimba shimo katikati, kuta za nta zikabaki zimesimama pembeni, na kila ulipowashwa tena mwali ulizidi kushuka shimoni mpaka nta iliyoyeyuka ikaufunika. Utambi wa kati ulifika ukingoni kwa muda uliotarajiwa, mwali wake ukiwa umetulia. Ule mnene ulifika mapema mno, mwali ukawa mrefu na wa kuchezacheza, ncha ya utambi ikaota kichwa cheusi kama uyoga, na ukingo wa glasi ukashika weusi unaotoka kwa kidole. Zaidi ya hayo, glasi ilipata moto kiasi cha kutoshikika, na hiyo ni sababu tosha ya kuuacha.

Nilipochukua utambi ule ule wa kati na kuutumia kwenye nta nyingine, matokeo yaligeuka kabisa. Katika nta ya nyuki, ambayo huyeyuka kwenye nyuzijoto 62 hadi 64 na ambayo hata ikiyeyuka huwa nzito kupanda, utambi wa kati ulifanya kama mwembamba na kuchimba shimo. Hapo ule mnene ndio uliofaa. Katika parafini, ambayo hupanda kwa wepesi zaidi, utambi huo huo wa kati ulitoa masizi, na mwembamba ukawaka vizuri. Anayebadilisha nta kwa kudhani kuwa utambi unaweza kubaki ule ule atapata mshumaa mwingine kabisa.

Kuna jambo ambalo ningependa liandikwe kwenye ile karatasi, nalo ni kutohukumu utambi kwa kuuwasha mara ya kwanza tu. Kadiri nta inavyopungua, mwali hushuka ndani ya glasi, na glasi huhifadhi joto. Utambi ulioacha ukanda mwembamba wa nta pembeni sehemu ya juu huweza kuuyeyusha wote ukifika katikati, ilhali ule uliofika ukingoni haraka tangu mwanzo huwa mkali mno ukikaribia chini. Mimi huuwasha mshumaa wa majaribio kwa vipindi vya saa 3 au 4 mpaka uishe, mbali na dirisha kwa sababu upepo huupinda mwali na kuharibu jaribio, na kila mara kabla ya kuwasha hukata utambi ubaki kama milimita 6. Mshumaa wa soya huuacha kwanza wiki 1 hadi 2, kwa kuwa nta hiyo huendelea kukaza muda mrefu baada ya kuonekana imeganda, na uwakaji wake hubadilika.

Sasa joto la kumimina. Athari yake kubwa iko kwenye sura: mabaka kati ya nta na glasi, uso uliokunjamana, na ule ukungu mweupe unaoipata soya. Hayo hayabadilishi mwali. Soya yangu huimimina ikiwa kwenye nyuzijoto 55 hadi 60, parafini 75 hadi 80. Lakini baridi ya Arusha ya mwezi wa Juni na Julai inahitaji uangalifu, kwa sababu glasi iliyokaa usiku kucha kwenye meza ya saruji huigandisha nta ya pembeni papo hapo huku ya katikati ikiwa bado ya maji. Nta husinyaa inapopoa, na parafini husinyaa zaidi, hivyo uwazi hujitokeza kando ya utambi chini ya uso unaoonekana laini kabisa. Hapo ndipo joto linapogusa uwakaji: mwali ukifika kwenye uwazi huo, dimbwi lote humezwa ghafla, utambi hubaki mrefu na mkavu, na mwali hupaa na kutoa moshi kabla ya kutulia. Tiba yake ni kupasha glasi kidogo kabla ya kumimina, kisha nta ikianza kuganda kutoboa mashimo kuzunguka utambi kwa kijiti, na kumimina safu ya pili juu yake.

Nta zote huyeyushwa kwenye sufuria iliyowekwa ndani ya maji ya moto, si juu ya jiko moja kwa moja, na mtu asiondoke hapo. Ikishika moto hufunikwa kwa mfuniko na jiko huzimwa. Maji hayamwagwi kamwe, kwa sababu huitawanya nta inayowaka.

Kuhusu seti yenyewe, nta ni safi na kipimajoto ni sahihi, na ningeinunua tena. Malalamiko yangu ni juu ya tambi: zimefungwa pamoja bila namba wala maelezo ya upana wa chombo, na nilipoongeza nyingine, zile zilizoitwa za kati zilikuwa nyembamba kuliko za mwanzo. Kwa hiyo kila furushi jipya hulijaribu kwanza kwenye glasi moja kabla ya kuyeyusha nta ya mishumaa mingi. Muuzaji akiandika namba ya utambi na upana wa glasi unaoufaa, hasara kubwa ya nta itaepukwa.