TAHADHARI: Wanaouza lipa namba mlangoni, Mwanza na visiwani

Ndugu wenye maduka, kuna watu wanapita na mkoba wa stika na simu mbili mkononi, wamevaa fulana za rangi ya mtandao, wanasema wanasajili lipa namba hapo hapo dukani. Wanapenda maduka madogo ya pembezoni, Buhongwa, Igoma, Kisesa, na zaidi ya hapo mialo ya visiwani, ambako mtu akitaka duka la mtandao inabidi apande boti. Wasajili halali wanaotembea wapo, na hawa wanajificha humo humo.

Dalili ya kwanza ni bei. Atakuambia usajili ni 20,000, na ukitaka namba "ya mitandao yote" ni 50,000. Lipa namba haiuzwi. Na hiyo ya mitandao yote ni uongo mtupu, kwa sababu mfumo wa TIPS wa Benki Kuu umeshaunganisha mitandao na mabenki: mteja wa mtandao mwingine anaingia kwenye menyu yake ya malipo, anachagua kulipa mtandao mwingine, anaweka namba yako na hela inafika.

Lakini hiyo 20,000 ndiyo hasara ndogo. Hasara kubwa iko kwenye namna anavyoisajili.

Lipa namba ina vitu vitatu, na watu wengi wanakitazama kimoja tu. Kuna tarakimu zilizoandikwa kwenye bango. Kuna laini ya simu iliyofungwa kwenye namba hiyo, iliyosajiliwa kwa kitambulisho cha NIDA cha mtu fulani. Na kuna namba ya siri, ambayo ndiyo inayotoa hela. Bango linaweza kuwa kwako, na jina la duka lako likatokea vizuri kwenye simu ya mteja, huku laini na namba ya siri viko mfukoni mwa mtu mwingine. Jina linalotokea ni jina la biashara lililojazwa wakati wa kusajili, kwa hiyo halithibitishi kwamba hela ni zako.

Chukua duka la rejareja Buhongwa, la mama anayeuza sembe, mafuta na sabuni. Jamaa anaandika jina la duka lake, ila laini anayoifunga ni yake yeye, au ni ya mtu aliyewahi kusajiliwa laini bila kujua. Namba ya simu ya mama anaiweka kama ya mhudumu wa duka. Baadhi ya mitandao inaruhusu hilo ili kijana wa dukani aone malipo yameingia hata kama bosi hayupo. Anaona meseji, ila kutoa hawezi. Jamaa anajaribisha mbele yake: analipa 500 kwa simu yake ya pili, jina la duka linatokea, meseji inaingia kwenye simu ya mama. Mama anaridhika, analipa, bango linabandikwa. Halafu jamaa anaongeza neno moja la mwisho, na hilo ndilo la kulishika: "Hela zitaanza kutoka baada ya siku saba, akaunti iko kwenye uhakiki."

Duka likipokea 60,000 kwa siku kwa simu, siku ya sita kuna 360,000. Kila malipo yana meseji yake, hakuna kinachotia shaka. Siku ya saba mama anakwenda kutoa na kukuta menyu yake haina hata sehemu ya kutoa, na simu ya jamaa haipatikani. Hela ilikuwa inahamishwa kila jioni tangu siku ya kwanza.

Kwa hiyo usijaribu kuingiza tu. Jaribu kutoa. Kabla msajili hajaondoka na kabla hujampa chochote, mwite jirani alipe 2,000 kwa simu yake. Soma jina kwenye simu ya jirani, subiri meseji kwako, kisha ingia wewe mwenyewe kwenye menyu ya biashara, weka namba ya siri uliyoitunga wewe bila yeye kuiona, na uihamishe hela hiyo kwenda laini yako ya kawaida au benki. Makato madogo yatakuwepo, hayo yavumilie. Ikishindikana kutoka siku hiyo, kwa sababu yoyote atakayoitoa, bango lisibandikwe.

Angalia pia kidole chako. Usajili wa laini ni kwa alama za vidole, na matapeli wanakubonyezesha mara tatu, nne, wakisema mtandao unasumbua. Mtandao huwa unasumbua kweli, hasa visiwani, ndiyo maana hila hii inapita. Ila kila kidole kinachokubali kinaweza kuwa laini mpya kwa jina lako, ambayo kesho itafungwa kwenye lipa namba ya duka la mtu mwingine, na polisi watakuja kwako. Akiondoka tu, piga *106# ufuate maelekezo uone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukikuta usiyoijua, nenda duka la mtandao husika na kitambulisho uifungishe.

Njia salama ni kwenda duka la mtandao wenyewe. Nenda na namba ya NIDA, na kama unayo TIN na leseni ya biashara beba pia, kwa kuwa masharti yanatofautiana mtandao kwa mtandao na kwa ukubwa wa biashara. TIN hutolewa bure TRA, naye anayekuuzia "TIN ya haraka" mweke kundi hilo hilo. Ukifika uliza maswali mawili: laini ya mmiliki ni ipi, na anayeweza kutoa hela ni nani. Majibu yote mawili yawe wewe. Walioko visiwani, ni afadhali kusubiri safari ya kuja kufuata mzigo mjini mkamaliza jambo hili siku hiyo hiyo.

Kama tayari una bango la watu hawa, libandue kwanza, maana kila dakika linapokuwepo mteja anamlipa tapeli. Piga 100 kwa laini ya mtandao wenye lipa namba hiyo, uwatajie tarakimu, uombe ifungwe. Usitegemee watakurudishia hela kwa simu: kwenye kumbukumbu zao mmiliki ni mtu mwingine, na hawawezi kumwaga salio la mtu kwa maneno matupu. Nenda polisi uchukue RB, nayo ndiyo utakayoipeleka kwao. Usifute meseji hata moja. Kila meseji ya malipo ina namba ya kumbukumbu ya muamala, na hizo ndizo zinazoonyesha hela iliingia lini na ikaondoka kwenda wapi. Waombe wateja wakubwa nao wakutunzie meseji za upande wao. Kama tapeli alikutumia ujumbe, utume pamoja na namba yake kwenda 15040.

Jambo moja linasahauliwa baada ya hapo. Wateja wa kudumu huwa wameipiga picha lipa namba au imebaki kwenye simu zao, na wataendelea kulipa ile ya zamani hata ukibandika mpya. Andika kwa herufi kubwa juu ya bango jipya kwamba namba imebadilika, na usitoe mzigo mpaka meseji iingie kwenye laini ya namba mpya.